Nilifuta ndala mchangani, mteja akadhani nimeficha ubovu wa meza

Leo ni somo la picha, na naanza na oda niliyoikosa mwenyewe.

Mimi niko Mbesa huku Ruvuma, nina duka dogo na nauza pia vitu vya mbao vya fundi mmoja hapa kijijini. Napiga picha, naposti, mteja akilipa mzigo unapanda basi. Mwaka jana fundi alimaliza meza ndogo ya sebuleni ya mninga, nzuri kweli, vanishi inang'aa. Nikaipiga picha jioni pale uwanjani kwake, chini kuna mchanga uliochanganyika na changarawe ndogondogo. Meza ikachukuliwa siku ileile na mtu aliyeilipia kabla. Usiku nafungua picha, naona kuna ndala moja ya bluu imelala kando ya mguu wa mbele wa kulia. Picha nyingine sina, meza haipo, na nilitaka niitumie ile picha kupata oda za meza nyingine za aina hiyohiyo.

Nikafungua Snapseed, nikaenda TOOLS, nikagusa Healing, nikasugua ndala kwa kidole. Sekunde arobaini ikatoka. Nikaposti.

Kesho yake dada mmoja wa Songea akaniandikia: "Kaka, meza nimeipenda, ila huo mguu wa kulia mbona kama umeunganishwa chini? Umeoza nini?" Nikamwambia hapana dada, mguu mzima. Akauliza, "Sasa pale chini umefuta nini?" Nikamweleza habari ya ndala. Akajibu sawa, halafu kimya mpaka leo. Elfu sitini ikaenda hivyo. Na kiukweli sikumlaumu. Nilipoivuta ile picha kwa vidole viwili nikaona alichokiona yeye: chini ya mguu kuna ukungu wa rangi ya kahawia, mchanga umekuwa kama uji, na mguu haugusi chini. Hata mimi ningeogopa kutuma hela.

Nikakaa na ile picha wiki nzima mpaka nikaelewa kosa liko wapi. Ndiyo nataka nikuelekeze.

Kwanza ujue kwamba kufuta kitu siyo kazi. Kazi ni kujenga upya kile kilichokuwa chini yake, maana simu haijui chini ya ndala kulikuwa na nini. Inabidi uchukue mchanga mahali pengine kwenye picha hiyohiyo uulete hapo. Na kuna namna mbili za kuuleta, watu wengi hatuzitofautishi.

Namna ya kwanza ni hiyo ya Healing. Hii inachukua chembechembe za mchanga kutoka sehemu moja, lakini rangi na mwanga inavipima kutoka pembeni ya pale unapofuta, halafu inavichanganya ili vifanane na majirani. Pakiwa ni mchanga mtupu kila upande, matokeo ni mazuri sana, huoni hata alama. Lakini jirani akiwa ni mguu wa meza, inachanganya rangi ya mguu pia. Ule ukungu wa kahawia niliouona ulikuwa ni mninga umevujia kwenye mchanga. Programu haikukosea, imefanya kazi yake, mimi ndiye niliyeitumia pasipofaa.

Namna ya pili ni kunakili. Unachagua mahali, unapaka pengine, na kinachotoka ni kilekile kama kilivyo, bila kuchanganywa na jirani. Kwenye kompyuta inaitwa Clone Stamp, mimi naiita muhuri. Muhuri hauvujishi rangi, kwa hiyo karibu na bidhaa tumia muhuri. Mbali na bidhaa, kwenye uwazi, Healing inatosha na ni ya haraka.

Kwenye Snapseed huwezi kuchagua mchanga unatoka wapi, programu inajichagulia yenyewe. Kwa kitu kidogo, kama kizibo cha soda au karatasi ya pipi iliyo mbali na bidhaa, haina shida. Ujue tu kwamba brashi yake haina kitufe cha ukubwa. Ukiikuza picha kwa vidole brashi inagusa eneo dogo, ukiirudisha inagusa eneo kubwa. Ikuze sana, gusa mara moja moja, usisugue. Ukisugua mstari mrefu ndipo uji unapotokea.

Kwa ile ndala nilihitaji muhuri. Nikaenda kwenye steshenari, nikamwomba dada wa pale kompyuta kwa nusu saa, nikafungua photopea.com. Ile ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, na picha yako inashughulikiwa humohumo kwenye kompyuta, haipandi mtandaoni, kwa hiyo bando linaliwa wakati wa kufungua ukurasa tu. Ukifungua picha kwa File kisha Open, bonyeza Ctrl+J upate nakala juu ya picha ya mwanzo. Fanya kazi kwenye nakala. Ukiharibu, ya asili iko chini salama.

Halafu bonyeza S upate muhuri. Unashikilia Alt na kubofya pale unapotaka kuchukua mchanga, unaachia Alt, kisha unapaka pale unapotaka kuuweka. Alama hizi [ na ] zinapunguza na kuongeza brashi. Basi, hayo ndiyo yote ya vitufe. Yanayobaki ni macho.

Swali la msingi ni hili: mchanga uchukue wapi? Nilivyoanza nilikuwa nachukua popote palipo safi, na ilikuwa inagoma. Angalia picha yoyote uliyoipiga ukiwa umesimama. Changarawe iliyo karibu na miguu yako inaonekana kubwa, iliyo mbali inaonekana ndogo na imebanana. Sasa ukichukua mchanga wa juu ya picha, yaani wa mbali, ukauweka chini karibu, chembe zinakuwa ndogo kuliko wenzake. Mtu hatajua kosa ni nini lakini ataona kama kuna kiraka. Vilevile simu nyingi zinafifisha vitu vya mbali kidogo, kwa hiyo utaleta na ukungu wake.

Kwa hiyo usipande juu wala usishuke chini. Nenda kushoto au kulia, kwenye mstari uleule wa usawa na kile unachofuta. Pale umbali kutoka kwenye simu ni karibu sawa, na ukubwa wa chembe ni sawa. Hii kanuni moja ilinisaidia kuliko mambo mengine yote. Ndala yangu ilikuwa usawa wa mguu wa mbele, na upande wa kushoto wa meza, usawa uleule, kulikuwa na mchanga mtupu wa kutosha.

Jambo la pili ni jua. Lilikuwa linatoka kushoto, jioni, kwa hiyo kila changarawe ilikuwa na upande wa kushoto mweupe na kakivuli kadogo upande wa kulia. Kuna watu wakitaka mchanga usijirudie wanakata kipande wanakigeuza kulia kuwa kushoto. Kwenye mwanga wa saa sita mchana unaweza kupona. Kwa jua la jioni usifanye, maana changarawe za kiraka zitaonekana zimepigwa na jua jingine kutoka upande mwingine, na mashimo yataonekana kama vichuguu.

Sasa turudi kwenye ndala yenyewe, hatua kwa hatua.

Nilianza na upande wa nje, ule ulio mbali na mguu wa meza. Nikachukua mchanga wa kushoto, brashi yenye upana wa kama robo ya ndala, nikapaka kwa kugusagusa. Kila baada ya miguso mitatu minne nilibofya Alt sehemu nyingine mpya. Hapa usisahau kivuli cha ndala. Watu wanafuta kitu wanaacha kivuli chake kimelala peke yake, utafikiri kuna jini. Ndala ni nyembamba, lakini jua la jioni lilikuwa limeivutia kivuli kama vidole viwili kwenda kulia, na chini ya kisigino kulikuwa na mstari mweusi kabisa. Vyote vikaondoka pamoja nayo.

Sehemu ngumu ilifuata. Kivuli cha mguu wa meza kilikuwa kinaenda kulia, na kilipita juu ya ndala. Nikifuta ndala nzima kwa mchanga wenye jua, kivuli cha mguu kinakatika katikati: kinaanza kwenye mguu, kinapotea, kinaanza tena mbele. Mteja hasemi "kivuli kimekatika", anasema tu "hii picha siielewi". Mchanga wa kivulini lazima utoke kivulini. Ukijaribu kuchukua mchanga wa juani ukautia weusi, utaona ule weupe wa upande wa kushoto wa changarawe bado upo, na kwenye kivuli halisi haupo.

Bahati nzuri kivuli kilikuwa kirefu, kiliendelea hata baada ya ndala. Lakini angalia kingo zake. Karibu na mguu kingo ni kali, kama zimekatwa na wembe. Kadiri kinavyokwenda mbali zinalainika. Kwa hiyo sikuchukua upande mmoja tu. Nusu ya karibu nilichukua kwenye kile kipande kifupi cha kivuli kati ya mguu na ndala, nusu ya mbali nikachukua kwenye kivuli cha baada ya ndala, zikakutana katikati. Kingo ikabadilika polepole kama inavyotakiwa. Ukibofya Alt, bofya juu ya kingo yenyewe ya kivuli, halafu anza kupaka juu ya kingo yenyewe pia. Ukikosea hata kidogo kivuli kinapanda ngazi. Mimi nilirudia mara tano hivi, Ctrl+Z ndiyo rafiki yako hapo.

Mwisho ndiyo mguu. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni na hapa ndipo mteja anapoangalia, kwa sababu hapo ndipo bidhaa ilipo. Kwanza ukinge mguu. Chukua Lasso, bonyeza L, juu kwenye Feather andika 1 ili mpaka usiwe mkali kama umekatwa na mkasi, kisha zungushia mchanga peke yake ukipita sawasawa na ukingo wa mguu. Ukishazungushia, muhuri hauwezi kutoka nje ya hilo eneo, hata mkono ukiteleza mguu haudhuriki. Ukimaliza, Ctrl+D inaondoa mpaka.

Halafu tazama mguu unavyokutana na ardhi. Kitu kizito kikikaa mchangani, pale kinapogusa kuna mstari mwembamba mweusi, na chembe chache za mchanga zimepanda kidogo ukingoni. Ule mstari ndio unaomwambia mtu kwamba meza imesimama. Mimi Healing iliufuta wote, ndiyo maana mguu ukaonekana umeoza au unaelea. Nikajiuliza nitaupata wapi mstari kama ule? Nikautazama mguu wa mbele wa kushoto. Umbali uleule, jua lilelile, mchanga uleule, na upande wake wa kulia ulikuwa safi, hauna kitu. Nikabofya Alt pale kwenye kona ya mguu wa kushoto unapogusa chini, nikapaka kwenye kona ileile ya mguu wa kulia. Brashi ndogo sana hapo. Mguu ukakaa chini.

Hapo nilikuwa nimetumia kama dakika ishirini na tano. Nikafurahi, nikataka kuhifadhi. Dada wa steshenari akachungulia akasema, "Hivyo vijiwe vyeupe vitatu umevipanga wewe?" Kweli, kulikuwa na changarawe moja nyeupe kwenye mchanga niliouchukua, na nilikuwa nimeileta mara mbili, kwa hiyo sasa ziko tatu zinazofanana kama pacha. Jicho la mtu linakamata kujirudia haraka kuliko kitu chochote. Mchanga wa kawaida hauna shida, ni zile alama za pekee: jiwe jeupe, jani kavu, unyayo, kijiti. Kabla hujachukua mchanga angalia kama kuna alama ya namna hiyo, uikwepe. Ikishaingia, ipige muhuri mwingine juu yake.

Sasa namna ya kukagua, maana macho yako yakishazoea picha hayaoni tena. Geuza picha juu chini. Ukiigeuza unaacha kuona meza, unaona madoa tu, na kiraka kinajitokeza. Njia nyingine, ifungue kwenye Snapseed, nenda Details, vuta Structure mpaka mwisho. Mchanga wa kweli utakwaruza wote sawasawa, na sehemu uliyoilainisha itabaki laini kama sabuni. Ukishaona, bonyeza alama ya X usiihifadhi hivyo, urudi kurekebisha. Halafu mwisho iangalie kwa ukubwa ule mteja anaouona kwenye simu, na mara moja ukiwa umeikuza, kwa sababu mteja anayetaka kutuma hela lazima ataikuza.

Nyasi ni habari nyingine kidogo. Mchanga hauna mwelekeo lakini nyasi zinalala, kwa hiyo brashi ipite kwa mwelekeo wa majani, kutoka shinani kwenda nchani, siyo kukata katikati. Ukikata katikati unapata majani yasiyo na mizizi. Na usijenge mstari ulionyooka pale nyasi zinapokutana na bidhaa. Kwenye picha halisi kuna majani mawili matatu yanapita mbele ya mguu wa kiti au mbele ya beseni. Ukiyafuta yote, bidhaa inaonekana imebandikwa. Jambo jingine, kitu kikilala kwenye nyasi muda mrefu, chini yake na pembeni zinageuka njano na zinalala chali, kwa hiyo ukifuta dumu lililokaa wiki nzima utahitaji kufuta na ile duara ya njano pia.

Kokoto kubwa za ujenzi ndizo ngumu kuliko zote, na hapo Healing isahau. Kila kokoto ina umbo lake, na Healing inaziyeyusha zinakuwa nusu kokoto nusu ukungu. Njia pekee ninayoiweza ni kukata kwa Lasso kundi la kokoto nzima nzima, ukipita kwenye mianya meusi kati yake, ukabonyeza Ctrl+J, ukalisogeza kwa V mpaka lifunike. Mpaka ukiwa kwenye giza la mwanya hauonekani. Ukiwa juu ya uso wa kokoto unaonekana hata kwa asiyejua.

Kuna wakati haifai kabisa. Mimi naangalia kama usawa uleule kuna ardhi safi angalau mara mbili ya upana wa kitu ninachofuta. Ikiwa haipo, naikata picha, au naenda kupiga nyingine. Na kama picha imekuja kwako kwa kutumwatumwa WhatsApp, omba ya asili itumwe kama dokumenti kwanza. Ile iliyobanwa mchanga wake umeshakuwa vibanda vya mraba, na ukivinakili vibanda vinajulikana.

Halafu hili, ndala ilikuwa inamwonyesha mtu ukubwa wa meza bila mimi kujua. Nilipoiondoa watu watatu wakauliza urefu. Sasa naandika vipimo chini ya kila picha. Na ninachofuta ni cha chini, siyo cha kwenye bidhaa. Ufa wa mbao, mkwaruzo, msumari uliochomoza, hivyo haviguswi, kwa sababu yule dada wa Songea alikuwa na haki kabisa ya kuuliza mguu umefanyiwa nini.

Ile picha mpya niliiposti tena wiki mbili baadaye, chini nikaandika kwamba palikuwa na ndala nimeiondoa. Aliyefuata kuuliza aliuliza nauli ya basi tu. Nikimtumia mzigo nikagundua kwenye kona ya chini kulia kuna kamba ya ndala bado, kipande cha bluu kama punje ya mchele. Kipo mpaka leo, yeyote akikiona aniambie kwenye inboksi.